Kwa nini mshipa wa katikati ya kiwiko huchaguliwa kabla ya ule unaoonekana zaidi

Swali: "Nilipokwenda kupimwa damu, mtaalamu wa maabara aliuacha mshipa mnene uliotuna wazi upande wa ndani wa kiwiko changu, akapapasa kwa muda katikati hadi akapata mwingine ambao hata mimi sikuuona. Alikuwa anaogopa nini? Na hapo mbele ya kiwiko kuna nini hasa?"

Ndugu msomaji, mtaalamu yule hakuuogopa mshipa wenyewe, bali vitu viwili vinavyopita karibu nao, kwa ndani zaidi: ateri kuu ya mkono, yaani mshipa unaoleta damu kutoka moyoni, na neva ya kati, yaani mshipa wa fahamu. Vitu hivyo huwa karibu sana na mshipa wa upande wa ndani, ilhali chini ya mshipa wa katikati kuna utando mgumu unaoutenganisha navyo. Ili sababu hiyo ieleweke, itabidi tufunue eneo hilo tabaka kwa tabaka. Nyoosha mkono wako mezani, kiganja kikitazama juu, na katika maelezo yangu yote nitasema "upande wa kidole gumba" na "upande wa kidole kidogo", kwa sababu maneno "ndani" na "nje" huwachanganya watu mara tu mkono unapogeuzwa.

Mbele ya kiwiko pana bonde dogo lenye umbo la pembetatu. Kitako cha pembetatu hiyo kiko juu, nacho ni mstari wa kufikirika tu unaounganisha nundu mbili za mfupa unazoweza kuzigusa kila upande wa kiwiko. Upande wa kidole gumba, bonde limepakana na msuli mrefu wa kigasha unaosaidia kukunja kiwiko. Upande wa kidole kidogo, limepakana na msuli unaokigeuza kiganja kitazame chini. Misuli hiyo miwili inashuka ikikaribiana hadi inakutana, na hapo ndipo penye ncha ya pembetatu. Sakafu ya bonde ni misuli iliyolala juu ya mifupa, na paa lake ni ngozi, mafuta ya chini ya ngozi, kisha utando mgumu unaoifunika misuli yote ya mkono kama soksi iliyobana.

Vitu vilivyomo ndani ya bonde hilo si vya kukariri tu, kwa kuwa unaweza kuvigusa mwenyewe. Kunja kiwiko hadi pembe ya digrii 90, kiganja kikitazama juu, kisha sukuma meza kutoka chini yake kana kwamba unataka kuiinua. Katikati ya kiwiko itasimama kamba ngumu, nene kama penseli. Hiyo ni kano ya msuli wa baisepsi, ule unaotuna mbele ya mkono wa juu, nayo ndiyo alama kuu ya eneo zima. Sasa legeza mkono, unyooshe karibu wote, halafu bonyeza taratibu kwa ncha za vidole viwili kando ya kano hiyo, upande wa kidole kidogo. Ukitulia utahisi mapigo. Hiyo ni ateri ya mkono, ambayo mhudumu anayekupima shinikizo la damu kwa kusikiliza huiwekea kifaa chake cha kusikilizia papo hapo. Chini kidogo ya mkunjo wa kiwiko ateri hiyo hugawanyika mara mbili, tawi moja likielekea upande wa kidole gumba, jingine upande wa kidole kidogo. Na kando ya ateri, hatua moja zaidi kuelekea kidole kidogo, inapita neva ya kati, ambayo huwezi kuitofautisha kwa kidole ila ipo, nene na muhimu, kwani ndiyo inayokiwezesha kidole gumba kukutana na vidole vingine.

Kwa hiyo, ukianzia upande wa kidole kidogo kuelekea kidole gumba, mpangilio ni huu: neva, ateri, kano. Kuna kitu cha nne, yaani neva ya radiali, lakini hiyo imejificha kwa kina chini ya msuli wa upande wa kidole gumba, na sindano ya kutoa damu inayotumiwa ipasavyo haifiki huko. Wengi hudhani kwamba ile neva inayotoa ganzi ya ghafla tunapojigonga kiwiko nayo imo bondeni humu. Hapana, ile inapita nyuma ya nundu ya mfupa ya upande wa kidole kidogo, nje kabisa ya eneo tunalolizungumzia.

Vena, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni, ambayo ndiyo hutolewa damu, hazimo ndani ya bonde. Zimelala juu ya paa, katika mafuta ya chini ya ngozi, yaani nje ya ule utando mgumu. Hapo ndipo penye kiini cha jibu langu. Mahali hapa utando huo umeimarishwa na bapa la nyuzi nyeupe, imara, linalochomoza kutoka kwenye kano ya baisepsi na kutanda kwa mshazari kuelekea upande wa kidole kidogo. Unaweza kuugusa ukingo wake wa juu: kaza tena baisepsi, kisha teremsha ncha ya kidole kando ya kano upande wa kidole kidogo, nawe utakutana na ukingo mkali kama wa kadi nene. Ateri na neva ya kati vinapita chini ya bapa hilo. Vena ya katikati inapita juu yake. Enzi ambazo damu ilitolewa kwa kisu kama tiba ya magonjwa mengi, wapasuaji wa Ulaya waliliita bapa hili kwa jina lenye maana ya "shukrani kwa Mungu", kwa sababu kisu kilichozidi kidogo kilikwama hapo badala ya kuikata ateri. Sidhani kama kuna sehemu nyingine ya mwili iliyopewa jina kwa unyoofu wa namna hiyo.

Sasa tuzitazame vena zenyewe. Mbili ni ndefu na zinapanda mkono mzima: vena sefaliki upande wa kidole gumba, na vena basiliki upande wa kidole kidogo, ambayo ndiyo uliyoiona imetuna. Mbele ya kiwiko huunganishwa na vena fupi inayopita kwa mshazari, ambayo ndiyo vena ya kati ya kiwiko. Kwa watu wengi michoro hiyo hufanana na herufi H iliyolala vibaya. Kwa wengine, vena moja inayopanda katikati ya kigasha hugawanyika na kufanya umbo la M. Mikono miwili ya mtu mmoja pia inaweza kutofautiana, na ndiyo maana mtaalamu mzuri huangalia mikono yote miwili kabla ya kuamua.

Damu hutolewa kwenye vena na si kwenye ateri kwa sababu zinazotokana na umbile. Ukuta wa vena ni mwembamba na laini, hivyo sindano hupenya bila nguvu. Shinikizo lililomo ni dogo, kwa hiyo sindano ikitoka, kubonyeza kwa pamba dakika chache kunatosha kuifunga tundu. Isitoshe, vena ni nyingi na zimeungana kama njia za mtaani. Moja ikiumia, damu hupita kwingine. Ateri ina ukuta mnene wa misuli, imelala ndani zaidi, ina shinikizo kubwa, na ateri ya kiwiko ndiyo inayolisha kigasha na kiganja. Hatuitoboi ila kwa kipimo kinachohitaji damu ya ateri hasa, kama vile kupima gesi za damu, na hata hapo kwa kawaida huchaguliwa ateri ndogo ya kifundo cha mkono.

Uzuri wa vena ya kati kuliko wenzake hautokani na lile bapa pekee. Vena hiyo imefungwa mahali pake. Kutoka chini yake hushuka vena fupi inayotoboa utando mgumu na kuungana na vena za ndani, nayo huishika kama nanga inavyoshika mashua. Sindano inapoigusa haikimbii. Vena basiliki haina nanga ya namna hiyo mahali hapo. Imeelea katika mafuta, na mara nyingi ncha ya sindano huisukuma kando badala ya kuitoboa. Ndiyo maana mshipa uliouona umetuna vizuri unaweza kumshinda mtu mwenye uzoefu, na ule usioonekana, ambao kidole kikiubonyeza kimeuhisi ukinesa kama mpira laini uliojaa, ukatoa damu kwa mara ya kwanza. Nawasisitizia wanafunzi wangu kila mwaka kwamba vena hutafutwa kwa kidole. Jicho hudanganywa na rangi ya ngozi, na mshipa mwembamba ulio juu kabisa huonekana kuliko mnene ulio chini kidogo.

Naomba nieleze tukio moja, kwa kuwa linaonyesha hatari yote kwa pamoja. Miaka kadhaa iliyopita niliombwa ushauri kuhusu mwanamke mwenye umri wa miaka 30 na ushee ambaye siku mbili nyuma alitolewa damu katika kituo kimoja. Alikuwa na vena basiliki kubwa, inayoonekana hata kabla ya kufungwa mpira. Mhudumu aliichoma hiyo. Sindano ilipoingia, damu haikuja, kwa sababu vena ilikuwa imeteleza kando. Badala ya kuitoa, mhudumu aliizungusha kushoto na kulia huku akiisukuma ndani zaidi, na hapo mgonjwa alisikia kitu kama umeme kikishuka ghafla hadi kidole gumba na kidole cha shahada. Alipiga kelele, sindano ikatolewa. Nilipomwona, ncha za vidole hivyo viwili pamoja na cha kati zilikuwa bado zina ganzi ndogo, lakini nguvu ya kidole gumba ilikuwa kamili.

Tunajuaje ni neva ipi iliyoguswa? Kwa mahali maumivu yalipokwenda. Neva ya kati hupeleka hisia upande wa kiganja wa kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete. Kwa hiyo umeme unaofika vidoleni humo unatuambia kwamba sindano ilivuka utando mgumu na kuifikia neva iliyoko ndani. Lakini kuna neva nyingine mbili, nyembamba, za ngozi tu, ambazo zinapita katika mafuta yale yale yenye vena: moja huambatana na vena basiliki, nyingine iko karibu na vena sefaliki. Ya upande wa basiliki ikiguswa, maumivu hushuka kando ya kigasha upande wa kidole kidogo na kukomea karibu na kifundo cha mkono, hayafiki vidoleni. Ya upande wa sefaliki ikiguswa, hushuka kando ya kigasha upande wa kidole gumba, na huweza kuishia kwenye kitako cha kidole hicho. Neva hizo za ngozi hutawanyika kwa namna tofauti kwa kila mtu, mara zikipita chini ya vena, mara juu yake, hivyo hakuna anayeweza kuahidi kwamba hatazigusa kamwe. Kinachowezekana ni kuzigusa mara moja tu na kutoka.

Yule mwanamke alipona. Ganzi ilipungua wiki baada ya wiki hadi ikaisha, kwa kuwa neva ilikuwa imechubuliwa tu, haikukatwa. Hata hivyo mkosaji wa tukio lile hakuwa vena basiliki peke yake; zaidi ni ule uamuzi wa kuizungusha sindano. Hebu tufanye hesabu kidogo. Sindano ikiingia urefu wa sentimita 1 kwa pembe ya digrii 30, ncha yake iko nusu sentimita tu chini ya ngozi. Ikiingia urefu ule ule kwa pembe ya digrii 60, ncha iko karibu milimita 9 chini. Kwa mtu mwembamba, tofauti hiyo ya milimita 4 ndiyo tofauti kati ya kuwa ndani ya mafuta na kuwa karibu na neva. Ndiyo maana kanuni ni kwamba pembe isizidi digrii 30, ncha ikiwa imetazamisha mdomo wake juu. Na damu isipokuja, mtu anaruhusiwa kuisogeza sindano mbele kidogo au kuirudisha nyuma kidogo kwa mstari ule ule, si kuitafutia vena kwa kuipeleka huku na kule. Mgonjwa akisema anasikia umeme au ganzi, sindano inatoka papo hapo, hata kama chupa imejaa nusu, na mkono mwingine ndio unaotumika.

Hatari ya pili ni ateri. Wapo watu wachache ambao ateri yao, au tawi lake moja, haikupita chini ya bapa la nyuzi bali juu yake, katika mafuta, jirani na vena. Kwa macho hufanana kabisa na vena. Kinga yake ni rahisi na haichukui hata sekunde 10: kabla ya kufunga mpira, weka kidole juu ya mshipa unaokusudia kuuchoma. Ukidunda kwa mapigo, huo si vena. Ateri ikichomwa kwa bahati mbaya, damu huwa nyekundu ya kung'aa na huingia chupani kwa misukumo, au kwa kasi isiyo ya kawaida. Hapo sindano hutolewa, na mahali pale hubonyezwa kwa nguvu bila kuachia kwa muda usiopungua dakika 5, na zaidi kwa mtu anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda.

Mpira wenyewe wa kufunga mkono hufungwa kama sentimita 8 hadi 10 juu ya mahali pa kuchoma, na ukazo wake uzuie damu ya vena isirudi huku ukiiacha ya ateri ishuke. Jinsi ya kujua ni kugusa mapigo ya kifundo cha mkono: yakipotea, umekaza kupita kiasi. Usikae zaidi ya dakika 1, kwa sababu maji ya damu huanza kuvuja kutoka katika mishipa na kuacha protini na seli zikiwa nyingi kuliko kawaida, na majibu huwa si ya kweli. Kufumba na kufumbua ngumi mara nyingi nako huongeza potasiamu katika damu ya mkono huo; kukunja ngumi kwa utulivu kunatosha.

Kwa hiyo utaratibu anaoufuata mtaalamu ni kujaribu vena ya kati ya mkono mmoja, asipoipata aangalie ya mkono wa pili, kisha sefaliki, na basiliki iwe ya mwisho kabisa. Sefaliki ina sifa ambayo huwafaa sana watu wanene: mara nyingi ndiyo pekee inayohisika kwa kidole, na upande wake hauna ateri kubwa wala neva ya kati. Basiliki haikukatazwa. Kuna watu wasio na nyingine yoyote inayofaa, na hapo huchomwa na mtu mwenye uzoefu, baada ya kutafuta mapigo, ngozi ikiwa imevutwa chini kwa kidole gumba ili vena isiteleze, kwa pembe ndogo kuliko kawaida, na jaribio likiwa moja tu. Mkono wenye mshipa uliounganishwa kwa upasuaji kwa ajili ya kusafisha damu ya mgonjwa wa figo hauguswi kabisa, na ule wa upande uliotolewa tezi za kwapani hautumiki bila kauli ya daktari.

Mtaalamu yule akishamaliza, labda alikwambia unyooshe mkono na kubonyeza pamba, nawe ukashangaa kwa kuwa wengine humwambia mtu akunje kiwiko. Yeye ndiye aliyekuwa sahihi. Kiwiko kikikunjwa, pamba hukunjamana na kubonyeza mahali pasipo na tundu, na vena iliyo mkunjoni hujikunja pamoja na ngozi. Mkono unaponyooshwa tena, tundu hufunguka na damu huvilia chini ya ngozi. Bonyeza kwa vidole viwili, mkono ukiwa umenyooka na kuinuliwa kidogo, kwa dakika 2 hadi 3. Uvimbe mdogo wa rangi ya zambarau hupotea wenyewe kwa wiki moja au mbili. Lakini uvimbe unaoongezeka haraka, au unaodunda, au ganzi na udhaifu wa vidole unaoendelea baada ya saa 24, uonwe na daktari siku hiyo hiyo, kwa sababu damu inayokusanyika chini ya lile bapa la nyuzi haina pa kutokea, na shinikizo lake huiangukia neva ya kati.